Mkono Ndani ya Konveya: Kutoka Kitufe Chekundu hadi Karatasi ya Taarifa



Waandalizi waliniomba nizungumzie ajali za mashine kwa jumla. Nikawaomba wanikubalie nizungumzie ajali moja tu, tuifuate tangu sekunde ya kwanza hadi karatasi yake inapofika kwa afisa wa usalama na afya kazini. Ni ajali ya mkono kunaswa na konveya ya parafujo, ile parafujo ndefu inayozunguka ndani ya mfereji wa chuma na kusukuma mahindi kutoka hopa hadi kwenye elevata. Nimeichagua kwa sababu sehemu kubwa ya madhara yake hutokea baada ya mashine kusimamishwa, mikononi mwa watu wanaotaka kusaidia.

Kisa nitakachokitumia nimekipanga mwenyewe ili kitufundishe; sikisemi kinu chochote wala mtu yeyote. Ni kinu cha ukubwa wa kati katika nyanda za mahindi za Bonde la Ufa, kwenye zamu ya usiku. Parafujo ina kipenyo cha sentimita 23 na inazunguka mara 60 kwa dakika. Mahindi yaliyoletwa yana unyevu, na uzi wa nailoni wa gunia umeingia ukajisokota kwenye beringi ya kati, ile inayoning'inia kushikilia shafti mahali vipande viwili vya parafujo vinapokutana. Wote mliofanya kazi hii mnaijua sehemu hiyo, maana nyuzi, matambara na vipande vya magunzi hukusanyika hapo. Kifuniko cha mfereji kilifunguliwa tangu wiki iliyopita, bolti zake nne zikawekwa kwenye kopo, na hazijarudishwa kwa kuwa kila zamu inalazimika kukifungua tena. Kijana wa zamu anauona uzi. Mashine inazunguka polepole kwa macho, basi anaingiza mkono auchomoe. Amevaa sweta kwa ajili ya baridi.

Hapa naomba tufanye hesabu ndogo. Mizunguko 60 kwa dakika ni mzunguko mmoja kila sekunde. Katika parafujo ya kawaida, mzunguko mmoja husogeza nafaka umbali unaolingana na kipenyo chake, kwa hiyo hapa ni sentimita 23 kila sekunde. Kutoka kifundo cha mkono hadi kiwiko cha mtu mzima ni kama sentimita 25. Maana yake, bapa la parafujo likishika ncha ya mkono wa sweta, baada ya sekunde moja na kidogo kiwiko kimeshafika ukingoni mwa mfereji. Mwenzake akisikia ukelele, akageuka, akatambua kilichotokea na kukimbia mita nane hadi kwenye paneli, zimekwisha pita sekunde nne au tano. Kijana mwenyewe hawezi kukifikia kitufe cha kwenye paneli. Kilichouzuia mkono wake usiendelee hadi begani ni ile beringi ya kati, mkono ulipokwama kati yake na bapa.

Ndiyo maana konveya ndefu inahitaji kamba ya dharura inayopita urefu wake wote, upande wowote ambao mtu anaweza kusimama, iliyounganishwa na swichi ya kusimamisha. Kamba hiyo inafaa ikiwa mtu aliyenaswa anaweza kuivuta kwa mkono uliobaki, kwa goti au kwa uzito wa mwili wake anapoanguka. Swichi iliyo nzuri husimamisha mashine kamba inapovutwa, na pia inapokatika au kulegea. Kamba iliyofungwa fundo ili isisumbue, au iliyofunikwa na magunia, haina kazi. Wala haitoshi kuitazama kwa macho. Ivute mwanzoni mwa zamu, konveya ikiwa tupu inazunguka, uone kama inasimama kweli.

Turudi kwenye kisa. Ni saa 5:40 usiku. Mwenzake amefika kwenye paneli na kukipiga kile kitufe chekundu chenye kichwa cha uyoga juu ya bamba la njano. Parafujo iliyojaa mahindi husimama upesi, kwa kuwa nafaka yenyewe inaishikilia. Mkanda mrefu au kinu cha nyundo kingeendelea kuzunguka kwa nguvu ya mwendo wake. Kitufe kimeingia na kubaki ndani, ndivyo kilivyoundwa. Na hata kikizungushwa kikatoka, mashine haitakiwi kuanza yenyewe. Inatakiwa ingoje mtu abonyeze kitufe cha kuwasha.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kitufe hicho kimekata mkondo mdogo unaoshikilia kontakta, na kontakta ikaachia. Umeme mkubwa bado upo ndani ya paneli. Mtu akikizungusha kitufe na kubonyeza cha kijani, parafujo itazunguka. Kontakta iliyochakaa inaweza kuwa na ncha zilizogandana kwa joto. Fundi anayekuja mbio kutoka upande wa pili, asiyejua kuna mtu ndani, anaweza kudhani mashine imejizima kwa kuzidiwa na kuiwasha upya. Mashine iliyosimama kwa kitufe chekundu imesimama tu. Haijafungwa.

Kwa hiyo aliyebonyeza kitufe haondoki hapo. Anasimama mbele ya paneli, anapaza sauti, na hamruhusu mtu kugusa kitu mpaka fundi umeme afike, azime swichi kuu ya konveya hiyo, atie kufuli yake, aweke lebo na kuubeba ufunguo mfukoni mwake mwenyewe. Katika matengenezo ya kawaida, baada ya kufunga kufuli tumezoea kuhakikisha kwa kujaribu kuwasha. Usifanye hivyo mtu akiwa amenaswa. Ikiwa umefunga swichi isiyo yake, jaribio hilo ndilo litakalomaliza mkono. Fundi apime kwa kipima umeme kwenye nyaya za mota, nyaya zote tatu, na kabla ya hapo akijaribu kipima chake mahali penye umeme ili ajue kuwa kinafanya kazi. Elevata inayopokea mahindi nayo ifungwe, na kilango cha chini ya hopa kifungwe kwa mkono ili nafaka isiendelee kumiminika juu ya mtu.

Wakati hayo yanafanyika, mtu mwingine yuko na majeruhi. Namsisitiza mtu huyu kwa sababu mara nyingi wote hukimbilia mashine na kumwacha mwenye maumivu peke yake. Kazi yake ni kuubeba uzito wa mwili: ampe bega, amwekee gunia la pumba chini ya makalio, ili mwili usining'inie kwenye mkono ulionaswa. Akate sweta kwa kisu au mkasi juu ya sehemu iliyonaswa, bila kuvuta. Avue saa na pete kwenye mkono ule ikiwa vinafikika, maana mkono utavimba. Amfunike, kwa kuwa aliyejeruhiwa hivi hupoteza joto hata ndani ya kinu chenye joto. Asimpe chai wala maji, kwa sababu huenda akapelekwa moja kwa moja kwenye upasuaji. Na aongee naye, amwambie kila kinachofanyika kabla hakijafanyika.

Sasa ndipo linakuja wazo ambalo sijawahi kulikosa katika mazungumzo na wafanyakazi wa vinu: "Irudishe nyuma kidogo, mkono utoke." Linaonekana la busara. Mkono umeingia kwa kuzunguka huku, basi utatoka kwa kuzunguka kule. Lakini mkono haukuingia kama nafaka. Umepindwa kuizunguka shafti, mfupa umevunjika pengine mahali pawili, nyama imebanwa katika mwanya wa kama sentimita moja kati ya ukingo wa bapa na mfereji. Kurudisha nyuma kunaivuta nyama hiyo upande mwingine, chini ya ukingo ambao haujaikata bado. Na mota haijui kidogo. Ukibonyeza kwa nusu sekunde, parafujo yetu imefanya nusu mzunguko, na nusu mzunguko ni zaidi ya sentimita 11. Hakuna kidole kinachoweza kupima kwa usahihi zaidi ya hapo. Usirudishe nyuma kwa umeme kamwe. Wala msimvute majeruhi.

Njia salama ni kuifungua mashine kumzunguka mtu. Kwanza zuieni shafti isiruke: inapokwama, nguvu hubaki imejikunja ndani yake, na mkilegeza upande wa mota inaweza kurudi ghafla. Spana ya bomba ishike shafti, au kabari ya mbao iwekwe kati ya bapa na mfereji mbali na mkono. Kisha fungueni kinga ya mikanda na kulegeza mikanda ya puli, au fungueni bolti za kapulingi. Mafundi wengi husahau jambo moja hapa. Giaboksi za aina fulani hukubali kuzungushwa na mota lakini hazikubali kuzungushwa kutoka upande wa parafujo. Mkikuta shafti haisogei kabisa hata baada ya mikanda kutoka, msiongeze nguvu. Tenganisheni parafujo na giaboksi yenyewe. Ikishakuwa huru, huenda ikazungushwa kwa mikono, kidogo kidogo, mtu mmoja akitoa amri na mhudumu wa afya akiutazama mkono. Ikiwa haikubali, fungueni bolti za beringi ya kati na za kipande cha mfereji, mumtoe mtu pamoja na kipande chake cha chuma. Madaktari wameshapokea wagonjwa namna hiyo, na ni bora kuliko kung'ang'ania.

Grinda ya kukatia isiingie. Vumbi la nafaka lililoinuliwa hewani huwaka kwa mlipuko, na cheche za grinda au moto wa gesi ndizo linazohitaji. Isitoshe, chuma kinachokatwa hupeleka joto hadi kwenye ngozi ya mtu. Tumieni spana, jeki na vifaa vya haidroliki vya waokoaji. Kama hakuna njia isipokuwa kukata, uamuzi huo ni wa kikosi cha uokoaji, baada ya vumbi kuondolewa na eneo kuloweshwa.

Na kabla mkono haujaachiwa, mwe tayari kwa damu. Chuma kinachoubana mkono kinaweza kuwa ndicho kilichoziba mshipa, na kikiondoka damu inaruka. Mkanda wa kuzuia damu uwekwe mapema kwenye mkono wa juu, sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha na si juu ya kiungo, ukiwa tayari kukazwa. Kama hamna mkanda wa duka, chukueni kitambaa kipana cha kama sentimita 4 na kijiti cha kukizungushia. Kamba nyembamba na waya hukata nyama. Damu ikitoka kwa nguvu, kazeni mpaka isimame, andikeni saa, kwa kalamu, kwenye kipaji cha uso au kwenye mkanda wenyewe, na msiulegeze mpaka hospitali. Majeruhi akiwa amenaswa kwa muda mrefu, hasa zaidi ya saa moja, msimwachie haraka kabla mhudumu wa afya hajafika. Nyama iliyobanwa hutunza sumu na potasiamu, na zikirudi mwilini kwa pamoja zinaweza kuusimamisha moyo. Kwa hiyo huenda akahitaji maji ya mshipa kabla ya kuachiwa. Kidole au kipande kilichokatika kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko usioingiza maji, na mfuko huo uwekwe kwenye maji yenye barafu. Barafu isikiguse moja kwa moja.

Nimefika kwenye taarifa, na ndiyo sehemu inayonikera zaidi, kwa kuwa mara nyingi ndiyo inayoharibika.

Taarifa ya kwanza ni simu, na inapigwa dakika ile ile ambayo kufuli inafungwa. Nchini Kenya ni 999 au 112. Anayepiga aseme kwa mpangilio unaomsaidia dereva na daktari: kinu kiko wapi na lango lipi liko wazi, mtu mmoja, mkono wa kulia umenaswa hadi kiwiko ndani ya konveya ya parafujo, mashine imesimamishwa na umeme umefungwa kwa kufuli, ana fahamu, damu inavuja kidogo, yuko hivyo tangu saa 5:40, tunahitaji kikosi cha uokoaji chenye vifaa vya haidroliki na mhudumu wa afya, namba yangu ni hii. Asikate simu kabla hajaambiwa akate. Mtu mwingine asimame langoni na tochi. Neno "umefungwa kwa kufuli" si la mapambo: waokoaji wasipolisikia, watapoteza dakika kadhaa kulitafuta wenyewe.

Taarifa ya pili ni ya maandishi. Kwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007, mwajiri humjulisha afisa wa eneo kuhusu ajali, na pale palipotokea kifo lazima ajulishwe ndani ya saa 24. Taarifa ya maandishi hufuata ndani ya siku 7, hata kama majeruhi hakufa. Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya mwaka huo huo inataka mwajiri amjulishe mkurugenzi wa idara ndani ya siku 7 baada ya kupata habari. Ndugu zetu Watanzania hupeleka madai yao ya fidia kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Fomu zina mistari michache na sehemu ya kueleza jinsi ajali ilivyotokea. Sentensi zinazoandikwa hapo ndizo zitakazoamua kama ajali ya pili itatokea kwenye konveya ile ile.

Sentensi iliyozoeleka ni hii: "Mfanyakazi aliingiza mkono kwenye konveya kwa uzembe." Haina saa, haina kipimo, haina kifuniko. Imetoa hukumu kabla ya kueleza. Afisa akiisoma hawezi kujua akague nini, na mwajiri mwenyewe atakuwa ameficha kwa kalamu yake kasoro inayoweza kumrudia. Fidia ya sheria ile haimdai mfanyakazi athibitishe kosa la mwajiri, kwa hiyo taarifa ya kweli si kukiri hatia mbele ya mahakama. Andika hivi badala yake:

"Saa 5:40 usiku mfanyakazi aliingiza mkono wa kulia kwenye konveya ya parafujo namba 2 ikiwa inazunguka, ili kuondoa uzi wa gunia kwenye beringi ya kati. Kifuniko cha sehemu hiyo, chenye bolti nne, kilikuwa kimeondolewa. Bolti zilipatikana kwenye kopo kando ya paneli. Kitufe cha dharura kiko mita 8 kutoka mahali pa ajali na kilibonyezwa na mwendeshaji. Hakuna kamba ya dharura kwenye konveya hii. Swichi kuu ilifungwa kwa kufuli saa 5:46. Ili kumtoa majeruhi, mikanda ya puli na bolti za kapulingi ziliondolewa. Aliachiwa saa 6:31, mkanda wa kuzuia damu ukakazwa saa hiyo hiyo."

Ukiisoma taarifa hiyo unajua mambo matatu yanayopaswa kurekebishwa: kifuniko, kamba, na utaratibu wa kuondoa uzi mashine ikiwa imefungwa. Unajua pia kilichoguswa wakati wa uokoaji, ili mkaguzi asidhani mikanda ilikuwa imelegea kabla ya ajali. Kwa hiyo, majeruhi akishaondoka, eneo lizungushiwe utepe. Mtu asioshe damu, asirudishe kifuniko, asikate uzi. Pigeni picha ya beringi ikiwa na uzi wake, kopo la bolti, na kitufe kikiwa mahali pake pamoja na konveya katika picha moja ili umbali uonekane. Pimeni umbali kwa futi. Waliokuwepo waandike kila mmoja peke yake kabla hawajakaa pamoja kuzungumza, kwa sababu baada ya mazungumzo ya dakika kumi kila mtu atakumbuka saa moja ile ile, hata kama si ya kweli. Na majeruhi naye aulizwe, hospitalini, daktari akiruhusu. Mara nyingi ndiye pekee anayejua kwa nini aliona ni lazima kuuondoa uzi bila kusimamisha mashine. Jibu linaweza kuwa kwamba kuisimamisha kunalazimu kuanzisha upya mtambo wote na msimamizi hukasirika. Hilo nalo liandikwe.

Mtu atauliza: kwa kinu kidogo, chenye watu watano na fundi anayekuja mara moja kwa wiki, haya yote yanawezekana? Sehemu kubwa inawezekana. Kufuli moja na lebo, kipima umeme, seti ya spana inayolingana na bolti za konveya ikining'inia kando yake, mkanda wa kuzuia damu na kalamu ndani ya sanduku lisilofungwa kwa kufuli. Gharama kubwa ni kamba ya dharura na swichi yake. Naiombea bajeti hiyo kwa wamiliki walio hapa.

Kwenu mnaorudi kazini jioni hii, nina ombi moja. Kabla konveya haijawashwa, simameni mahali mnapozoea kusimama mnapoondoa uzi, wekeni mkono mmoja kifuani, na kwa mkono mwingine jaribuni kufikia kitufe au kamba. Asiyefikia, asiiwashe mashine hiyo, na amwandikie msimamizi wake leo hii.